Kusoma Hatari Linganishi na Mipaka ya Uhakika: Mwongozo Kamili kwa Tafiti za Sigara na Saratani ya Mapafu

Ukifungua ripoti yoyote ya sigara na saratani ya mapafu, utakutana na mstari wa namna hii: OR 14.0 (95% CI 3.3–59.3). Wengi huchukua hiyo 14, yaani makadirio ya hatari ya wavutaji ni mara ngapi ya ile ya wasiovuta, wakaitangaza, wakaruka mabano yenye mipaka ya uhakika. Wengine wamefundishwa kanuni moja tu, kwamba mabano yakiwa na 1 ndani yake, yaani hatari ya wavutaji kuwa sawa na ya wasiovuta, basi "hakuna uhusiano", na wanaitumia kanuni hiyo kila mahali kama panga. Makundi yote mawili hukosea, na nitaonyesha wanakosea wapi kwa kupiga hesabu zenyewe.

Utahitaji kikokotoo chenye kitufe cha ln, yaani logi asilia (kwenye simu kigeuze upande, vitufe hivyo vitatokea) au programu ya hesabu kama Excel. Mfano wetu mkuu ni utafiti wa Richard Doll na Austin Bradford Hill uliochapishwa mwaka 1950 katika jarida la British Medical Journal. Nimeuchagua kwa sababu namba zake ni chache, ziko wazi, na zina mtego mmoja mzuri sana.

Hatua ya 1: Tafuta jedwali la visanduku vinne

Kabla ya kusoma hitimisho la watafiti, tafuta namba ghafi. Doll na Hill waliwahoji wagonjwa katika hospitali 20 za London. Kwa kila mgonjwa wa saratani ya mapafu walimtafuta mgonjwa mwingine mwenye maradhi tofauti, wa jinsia ile ile na rika lile lile. Kwa wanaume walipata hivi:

| | Wenye saratani ya mapafu | Wenye maradhi mengine |
|---|---|---|
| Wavutaji | 647 | 622 |
| Wasiovuta | 2 | 27 |
| Jumla | 649 | 649 |

Litazame jedwali hili kwa utulivu kabla ya kugusa kikokotoo. Kitu cha kwanza kinachogonga jicho ni kwamba karibu kila mwanaume alikuwa mvutaji, hata wale wasio na saratani ya mapafu: 622 kati ya 649, yaani asilimia 96. Hapo lazima uulize "mvutaji" ni nani. Katika utafiti huu ni mtu yeyote aliyewahi kuvuta angalau sigara moja kwa siku kwa muda wa mwaka mmoja. Kwa hiyo aliyevuta sigara 40 kila siku tangu ujana na aliyevuta sigara moja moja kwa mwaka mmoja kisha akaacha wamewekwa kapu moja. Namba yoyote utakayoitoa kwenye jedwali hili ni ya kapu hilo lote, haimhusu mvutaji mzito peke yake.

Hatua ya 2: Jua watu waliingiaje kwenye utafiti

Hapa ndipo wanafunzi wengi wa afya ya jamii hujikwaa, na kosa lao linafanana na hesabu sahihi. Wanasoma jedwali kwa mlalo. Wavutaji ni 647 na 622, jumla 1,269. Wenye saratani ni 647. Hivyo hatari ya mvutaji ni asilimia 51. Wasiovuta ni 29. Wenye saratani ni 2. Hatari yao ni asilimia 7. Gawanya 51 kwa 7, hatari linganishi ni 7 na kidogo.

Hesabu hiyo haina maana yoyote. Hakuna mahali duniani ambapo nusu ya wavutaji wana saratani ya mapafu kwa wakati mmoja. Idadi ya wagonjwa na idadi ya wasio wagonjwa zililinganishwa na watafiti wenyewe, mmoja kwa mmoja. Wangeamua kuchukua watu watatu wa kulinganishia kwa kila mgonjwa, hiyo "asilimia 51" ingeshuka mara moja bila sigara kubadilika chochote.

Kanuni ni hii. Utafiti ukianza na watu wazima wa afya, wavutaji na wasiovuta, kisha ukawafuata kwa miaka kuona nani anaugua, unaweza kupiga hatari ya kila kundi na kuzigawanya. Jibu huandikwa RR, hatari linganishi. Utafiti ukianza na wagonjwa kisha ukarudi nyuma kuuliza walivuta nini, hatari ya kila kundi huijui. Unachoweza kupiga ni uwiano wa odi, unaoandikwa OR.

Odi ni zile zile za wanaobeti: wangapi upande huu kwa wangapi upande ule. Miongoni mwa wenye saratani, wavutaji ni 647 kwa 2, yaani 323.5 kwa kila asiyevuta mmoja. Miongoni mwa wenye maradhi mengine ni 622 kwa 27, yaani 23.04 kwa kila mmoja. Gawanya 323.5 kwa 23.04, unapata 14.04.

Kwa nini tuiamini OR kama makadirio ya RR? Kwa sababu kundi la kulinganishia linasimama badala ya jamii walikotoka wagonjwa. Kama kwenye jamii hiyo kuna wavutaji 23 kwa kila asiyevuta mmoja, na sigara haina madhara, basi wagonjwa nao wangekuwa 23 kwa mmoja. Wamekuwa 323 kwa mmoja. Ziada hiyo ya mara 14 ndiyo tofauti ya hatari. Kwa ugonjwa ambao kwa kipindi chochote kifupi huwapata watu wachache, kama saratani ya mapafu, OR na RR hukaribiana sana. Kwa ugonjwa wa kawaida, kama shinikizo la damu kwa wazee, OR hukuza mambo, na hapo usizibadilishane.

Hatua ya 3: Piga mipaka ya uhakika mwenyewe

Mipaka ya uhakika ndiyo ile CI iliyo ndani ya mabano: mpaka wa chini na mpaka wa juu. Kwenye Excel andika mistari hii:

```
=(647*27)/(2*622)
=SQRT(1/647+1/2+1/622+1/27)
=EXP(LN(14.04)-1.96*0.735)
=EXP(LN(14.04)+1.96*0.735)
```

Mstari wa kwanza unatoa 14.04, uwiano wa odi. Wa pili unatoa 0.735, kosa sanifu la ln ya uwiano huo, yaani kipimo cha mashaka yake. Wa tatu na wa nne inatoa 3.3 na 59.3. Ile 1.96 ndiyo inayofanya mipaka iwe ya asilimia 95. Kwa asilimia 90 ungeweka 1.645 na mipaka ingebana, bila data kuongezeka hata kidogo. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha mabano ya ripoti mbili, hakikisha zote ni za asilimia ile ile.

Sasa rudi kwenye mstari wa pili, kwa sababu mtego niliousema uko humo. Ndani ya kipeuo kuna vipande vinne, kila kimoja ni 1 gawanya kwa idadi ya kisanduku kimoja. 1/647 ni 0.0015. 1/622 ni 0.0016. 1/27 ni 0.037. Na 1/2 ni 0.5. Jumla ni 0.54, na 0.5 ya hiyo imetoka kwa wanaume wawili. Utafiti una wanaume 1,298, lakini zaidi ya asilimia 90 ya mashaka yake yameletwa na kisanduku chenye watu wawili.

Jaribu hivi uone uzito wake. Tuseme wagonjwa wengine wawili wa saratani walisema wamewahi kuvuta kumbe hawakuwahi. Kisanduku cha 2 kinakuwa 4, cha 647 kinakuwa 645. Piga upya: OR inashuka hadi 7.0, na mipaka inakuwa 2.4 hadi 20.1. Majibu ya watu wawili kati ya karibu 1,300 yameikata namba kuu nusu. Ndiyo maana anayetaja "mara 14" ya mwaka 1950 kwa uhakika wa mhasibu hajaliangalia jedwali.

Lakini angalia pia kisichobadilika. Kwa 2 au kwa 4, mpaka wa chini umebaki juu sana ya 1. Ukubwa wa madhara haukujulikana vizuri kwa wanaume hawa. Kuwepo kwa uhusiano kulijulikana. Hayo ni maswali mawili, na ni vyema uyajibu kila moja peke yake unaposoma mabano.

Tahadhari moja ya kiufundi: kisanduku kikiwa na watu chini ya watano, fomula hii ni ya kukadiria tu. Programu za takwimu zina njia kamili zaidi na zitakupa mipaka iliyo tofauti kidogo. Kwa kusoma na kuhakiki ripoti, hii inatosha.

Hatua ya 4: Soma mabano yanasema nini

Asilimia 95 maana yake ni hii: kama utafiti ungerudiwa mara nyingi kwa njia ile ile kwa watu wa jamii ile ile, na kila mara ukapigiwa mipaka yake, basi takriban mara 95 kati ya 100 mipaka ingekumbatia thamani ya kweli. Ni sifa ya njia. Kwa matumizi ya kila siku, yasome mabano kama orodha ya thamani zinazopatana na data, zilizo karibu na namba ya kati zikipatana zaidi na zile za kingoni zikipatana kidogo. Kwa wanaume wa 1950, mara 10 inapatana, mara 25 inapatana, mara 2 haipatani.

Wasomaji huniuliza kwa nini 14 haiko katikati ya 3.3 na 59.3. Iko katikati, ila kwa kuzidisha. 14 gawanya kwa 3.3 ni 4.2, na 59.3 gawanya kwa 14 nayo ni 4.2. Uwiano hupimwa kwa mara, sio kwa kujumlisha, na ndiyo sababu tulipitia ln.

Hapo unapata kipimo kizuri cha kukagua ripoti. Zidisha mpaka wa chini kwa wa juu, kisha tafuta kipeuo cha pili. Jibu linapaswa kukaribia sana namba kuu. 3.3 mara 59.3 ni 195.7, kipeuo chake ni 13.99, sawa. Ikiwa ripoti au kipeperushi kimeandika uwiano ambao hauko karibu na kipeuo hicho, kuna tarakimu imekosewa kunakiliwa, au namba kuu na mabano vimetoka katika hesabu mbili tofauti, kwa mfano moja imerekebishwa kwa umri na nyingine haijarekebishwa. Mimi hufanya hivi kabla ya kuendelea na ukurasa unaofuata. Inachukua sekunde kumi.

Hatua ya 5: Linganisha na wanawake wa utafiti ule ule

Doll na Hill waliwahoji pia wanawake 60 wenye saratani ya mapafu na 60 wa kulinganishia. Wavutaji walikuwa 41 kati ya wagonjwa na 28 kati ya wengine. Wasiovuta 19 na 32. Piga kama tulivyofanya: 41 mara 32, gawanya kwa 19 mara 28, unapata 2.5. Kosa sanifu ni 0.379, mipaka ni 1.2 hadi 5.2.

Hapa kuna jambo ambalo huwashangaza wengi. Wanawake ni 120 tu, chini ya sehemu moja ya kumi ya wanaume, lakini kwa kipimo cha mara mabano yao ni membamba zaidi. Mpaka wa juu wa wanawake ni kama mara nne ya mpaka wa chini. Kwa wanaume ni kama mara 18. Sababu umeshaijua: hakuna kisanduku cha wanawake chenye watu wawili. Kidogo kabisa kina 19. Unapotathmini utafiti, usiishie kwenye jumla ya washiriki inayotangazwa kwenye muhtasari. Uliza kisanduku kidogo kuliko vyote kina watu wangapi.

Je, kwa nini wanawake walipata 2.5 na wanaume 14? Mtu wa haraka atasema mapafu ya mwanamke yanavumilia moshi. Weka swali hilo kando. Tutalirudia tukiwa na namba nyingine.

Hatua ya 6: Rudi kwenye hatari yenyewe, sio uwiano peke yake

Mwaka 1951 Doll na Hill walibadili njia. Waliwaandikia madaktari wa Uingereza kuwauliza wanavuta nini, na wakaanza kuwafuata, wanaume wakiwa zaidi ya 34,000. Huu ni utafiti wa kufuatilia kundi, kwa hiyo hatari inapigwa moja kwa moja. Taarifa ya miaka 50, iliyotoka 2004, inatoa vifo vya saratani ya mapafu kwa wanaume 100,000 kwa mwaka, baada ya kusawazisha umri: wasiowahi kuvuta 17; walioacha 68; wanaoendelea kuvuta sigara 249.

249 gawanya kwa 17 ni 14.6. Linganisha na ile 14.0 ya 1950. Njia mbili tofauti kabisa, moja ikianza na wagonjwa na nyingine na watu wazima wa afya, zimekutana. Mtu mwenye shaka na mabano mapana ya 1950 (na alikuwa na haki ya kuwa na shaka) angepata jibu hapa.

Ukigawanya kwa viwango vya uvutaji, kapu letu la mwanzo linafunguka. Waliovuta sigara 1 hadi 14 kwa siku: vifo 131, RR 7.7. Sigara 15 hadi 24: vifo 233, RR 13.7. Sigara 25 na kuendelea: vifo 417, RR 24.5. Mpangilio huu wa kupanda ngazi una nguvu ya ushahidi ambayo namba moja ya jumla haina, maana ni vigumu kwa bahati au kwa swali lililoulizwa vibaya kutengeneza ngazi iliyonyooka hivyo.

Sasa toa badala ya kugawanya. 249 toa 17 ni 232. Hivyo kwa kila wavutaji 100,000, kwa mwaka mmoja, kulikuwa na vifo 232 ambavyo wasiovuta hawakuwa navyo. Kati ya vifo 249, hivyo 232 ni asilimia 93. Unapomweleza mvutaji, "mara 14" humtisha kisha akasahau, kwa sababu hajui mara 14 ya nini. Tena 249 kwa 100,000 ni kama watu wawili hadi watatu kwa kila elfu, na anaweza kuiona ndogo. Ni ndogo kwa mwaka mmoja. Hatari hujikusanya. Uchambuzi wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2000 ulikadiria kwamba mwanaume anayeendelea kuvuta ana hatari ya asilimia 15.9 ya kufa kwa saratani ya mapafu kabla ya kufikia miaka 75. Akiacha akiwa na miaka 60 ni asilimia 9.9, akiacha na 50 ni 6.0, na 40 ni 3.0, na 30 ni 1.7. Kama nina nafasi ya kumpa mtu namba za aina moja tu, humpa hizi.

Hatua ya 7: Mabano yenye 1 ndani yake

Machi 1998 gazeti moja la Jumapili la London liliandika kwamba kuvuta moshi wa wengine hakusababishi saratani, tena likasema ni kauli rasmi. Liliegemea utafiti wa shirika la utafiti wa saratani la WHO lililoko Lyon, uliofanyika katika nchi saba za Ulaya: wagonjwa 650 wa saratani ya mapafu ambao hawakuwa wavutaji, na watu 1,542 wa kulinganishia. Kwa aliyeishi na mwenzi mvutaji matokeo yalikuwa OR 1.16 (95% CI 0.93–1.44). Mahali pa kazi 1.17 (0.94–1.45). Mabano yote mawili yana 1 ndani, na gazeti likatumia panga lake. WHO ilijibu kwa ukali kwamba watu wasidanganywe.

Soma mstari huo kama tulivyojifunza. Data zinapatana na kutokuwepo kwa madhara kabisa. Zinapatana pia na ongezeko la asilimia 16, ambalo ndilo linalopatana nazo zaidi ya yote. Zinapatana hata na ongezeko la asilimia 40. Kuchagua 1 ndani ya orodha hiyo na kuitangaza kuwa jibu ni kuchagua thamani iliyo karibu na kingo kuliko katikati. Sentensi halali ilikuwa hii: utafiti huu peke yake haukuwa na watu wa kutosha kutenganisha madhara madogo na kutokuwepo kwa madhara.

Kisha tafuta tafiti zilizotangulia. Mwaka mmoja kabla, 1997, uchambuzi uliounganisha tafiti 37 za watu wasiovuta wanaoishi na wenzi wavutaji ulipata RR 1.24 (95% CI 1.13–1.36). Weka mabano hayo juu ya yale ya Lyon. 1.13 hadi 1.36 imo nzima ndani ya 0.93 hadi 1.44. Utafiti wa Lyon haukupinga lolote; ulisema kitu kile kile kwa sauti hafifu. Ujue pia gharama ya kuongeza sauti: ukitaka kuyabana mabano nusu, kwa kipimo cha ln, unahitaji data mara nne. Kwa uwiano mdogo kama 1.2, utafiti mmoja mara nyingi hautatosha, na ndiyo maana tafiti huunganishwa.

Kuna mstari wa tatu kwenye utafiti ule ambao gazeti halikuupa kichwa cha habari. Kwa waliokulia na wazazi wavutaji, OR ilikuwa 0.78 (95% CI 0.64–0.96). Mabano hayana 1. Kwa kanuni ya panga, moshi wa baba unamkinga mtoto dhidi ya saratani! Hakuna aliyeamini hivyo, na ni sawa kutoamini. Ukipiga mabano mengi ya asilimia 95 katika utafiti mmoja, baadhi yatakosa ukweli kwa bahati tu, na mtu mwenye miaka 60 anayeulizwa moshi wa nyumbani alipokuwa na miaka mitano anakumbuka kwa kubahatisha. Ila ukiwa na uhodari wa kutilia shaka 0.78, kuwa nao pia kwa matokeo unayoyapenda.

Hatua ya 8: Kisichoonekana ndani ya mabano

Mipaka ya uhakika hupima jambo moja, nalo ni bahati ya kuchagua watu hawa badala ya wale. Haijui kama swali liliulizwa kwa upendeleo, wala kama kundi la kulinganishia lilichaguliwa vibaya. Utafiti wenye watu milioni na kasoro kubwa utatoa mabano membamba yanayozunguka jibu lisilo sahihi.

Kwa utafiti wa 1950 kasoro moja tunaijua, na tunaweza hata kusema inaelekea wapi. Watu wa kulinganishia walikuwa wagonjwa wa hospitali, na baadhi ya maradhi yao, kama tulivyojua baadaye, nayo huletwa na sigara. Hivyo wavutaji walizidi katika kundi hilo kuliko mitaani. Odi yao ya 23 kwa 1 ilikuwa juu mno, na ukigawanya kwa namba iliyo juu mno jibu linashuka. Kasoro hiyo iliivuta 14 kuelekea chini. Unapokuta kasoro kwenye ripoti, usiishie kusema "kuna kasoro". Sema inaivuta namba upande gani.

Watafiti walihofia pia kwamba wahojaji, wakijua nani ana saratani, wangemdadisi zaidi kuhusu sigara. Walikuwa na njia nzuri ya kujikagua. Baadhi ya wagonjwa walidhaniwa kuwa na saratani ya mapafu siku ya mahojiano, kisha uchunguzi ukaonyesha hawana. Kama tatizo lingekuwa mhojaji, watu hao wangeonekana wavutaji kama wenye saratani. Walifanana na kundi la kulinganishia.

Kuhusu kisababishi kilichojificha, labda urithi unaomfanya mtu apende sigara na pia apate saratani, Jerome Cornfield na wenzake walitoa kipimo mwaka 1959. Ili kitu kama hicho kieleze peke yake hatari ya mara tisa, lazima kiwe kimeenea kwa wavutaji angalau mara tisa kuliko kwa wasiovuta. Hakuna aliyekionyesha kitu cha namna hiyo. Kwa uwiano wa 1.2, kipimo hicho hicho ni rahisi sana kufikiwa, kwa hiyo namba ndogo zinahitaji ukaguzi mkali zaidi wa kasoro, hata mabano yakiwa membamba.

Hatua ya 9: Namba ni ya watu gani na ya mwaka gani

Sasa turudi kwa wanawake. Mwaka 1950 walikuwa na 2.5 (1.2–5.2). Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa wanawake zaidi ya milioni moja wa Uingereza, wengi wao waliozaliwa karibu na mwaka 1940. Kwa waliokuwa wakivuta, hatari linganishi ya kufa kwa saratani ya mapafu ilikuwa 21.4 (95% CI 19.7–23.2). Fanya ukaguzi wako wa kipeuo: 19.7 mara 23.2 ni 457, kipeuo chake 21.4. Sawa.

Mabano haya mawili hayagusani. Hata hivyo hakuna lililokosea. Wanawake waliolazwa London mwishoni mwa miaka ya 1940 walikuwa wameanza sigara wakiwa watu wazima, wengi wakivuta kidogo na kwa miaka michache. Wale waliozaliwa karibu na 1940 walianza wakiwa wasichana na wakaendelea. Saratani ya mapafu hufuata miaka ya kuvuta, na hutokea miongo kadhaa baadaye. Mpaka wa juu wa 5.2 ulikuwa mpaka wa wanawake wale, wenye historia ile ya kuvuta.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hii ina matumizi ya moja kwa moja, kwa sababu kwetu wanawake wavutaji wa sigara ni wachache, na wavutaji wengi, wake kwa waume, huvuta sigara chache kwa siku. Ukiona utafiti wa kwetu unaotoa hatari linganishi ya 3, angalia kwanza washiriki walianza kuvuta wakiwa na umri gani, wamevuta kwa miaka mingapi na sigara ngapi kwa siku. Kisha nenda kwenye kisanduku cha wagonjwa wasiovuta, uhesabu wako wangapi.